Kuacha Wali au Kupunguza Wali?

Katika bonde la Kilombero mpunga ndio maisha ya watu. Hapa Namawala, na Ifakara, na katika vijiji vingine vya bonde hili, mtu hulima mpunga, huuza mpunga, na hula wali. Akikosa wali husema kwamba leo hakula, alionja tu. Kwa sababu hiyo habari iliyoenea siku hizi, ya kwamba atakaye kupunguza unene na aache kabisa wali, ugali, mihogo, ndizi na sukari, si habari ndogo kwetu. Imeingia majumbani mwetu, na watu wazima kwa vijana wanauliza: Je, ni kweli? Na yule asiyeweza kuishi bila ya wali, hana njia nyingine?

Kwanza yapasa tuzifahamu njia mbili zinazoshindanishwa. Njia ya kwanza ni ya wanga kidogo. Wanaoishika kwa ukali hawapitishi gramu 50 za wanga kwa siku, na hizo ni kama zile zilizomo katika kikombe kimoja cha chai kilichojaa wali uliopikwa. Kikombe hicho kimoja ndicho chote, tangu asubuhi hata usiku. Tumbo hujazwa kwa mayai, samaki, nyama, mboga za majani, karanga na nazi. Njia ya pili ni ya mlo wa kadiri. Hapo hakuna chakula kilichokatazwa, na karibu nusu ya nguvu ya mwili hutoka katika wanga, lakini kila kitu huliwa kwa kipimo kilichopunguzwa.

Ipi basi huondoa mafuta ya mwilini zaidi? Swali hili limekwisha jaribiwa sana. Mwaka wa 2022 wataalamu waliokuwa pamoja na Bibi Celeste Naude wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika ya Kusini, walitoa hesabu ya majaribio 61 yaliyohusu watu 6,925 wenye unene uliozidi. Wengine walikuwa wamepewa mlo wa wanga kidogo, na wengine mlo wa kadiri wenye kupunguza chakula. Makundi yote mawili yalipungua. Tofauti baina yao ilikuwa kama kilo 1 tu katika miezi ya mwanzo, na hata kwa waliofuatwa mwaka mmoja au miwili tofauti hiyo haikuzidi. Wenyewe walisema kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno, au pengine si tofauti kabisa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwili huweka mafuta wakati chakula kinapotia nguvu nyingi kuliko ile inayotumika, na huyatoa akibani wakati chakula kinapopungua. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Gramu 1 ya wanga ina kalori 4, na gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Aachaye wali, soda na maandazi hupunguza kalori nyingi bila ya kuhesabu, na kwa hiyo hukonda. Lakini akiacha wali kisha akakaanga kila kitu na kuongeza tui zito, kile alichokitoa mlangoni amekirudisha dirishani. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, nazo ni sawa na nusu ya kikombe cha chai cha wali. Mwili hauulizi nguvu imetoka katika chungu gani. Huangalia jumla yake.

Hata hivyo wako watakaotuambia: Mbona fulani aliacha wali, na kwa juma moja tu akapungua kilo 2 au zaidi? Jambo hilo ni kweli, na huwadanganya watu wengi. Mwili wa mtu huweka wanga wa akiba katika ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja hushika gramu 3 za maji hivi. Mtu akiacha wanga, akiba hiyo hutumika katika siku chache, na yale maji hutoka kwa mkojo. Mizani hushuka, lakini kilichotoka kwa wingi ni maji, wala si mafuta. Na siku atakapokula wali tena, maji yale hurudi katika siku mbili au tatu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kwamba kazi yao yote imeharibika kwa sahani moja ya pilau, na hali mafuta waliyoyapoteza hayakurudi.

Tuchukue mfano, ili jambo lipate kuonekana. Tuseme yuko mwenye duka kijijini, mwenye kilo 92, ambaye hukaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni. Hunywa chai vikombe 3 kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vidogo 4 vya sukari. Mchana hula wali vikombe 3. Na mchuzi wake una mafuta mengi. Akiishika njia ya wanga kidogo, juma la kwanza atashuka pengine kilo 2 na nusu, naye atafurahi. Juma la pili na la tatu atashuka polepole zaidi, kwa kuwa maji yamekwisha na sasa ni zamu ya mafuta. Mwezi wa pili mambo ya nyumbani huanza kumpinga. Mchele umo ghalani, ameuvuna mwenyewe, lakini nyama na mayai ni vya kununua. Mkewe hupika chungu cha watoto na chungu cha baba, na kila siku hutafuta samaki wa kumtosha. Kisha huja arusi ya ndugu, na sinia la pilau huwekwa mbele yake. Anakula, asubuhi mizani imepanda, naye anasema, "Mimi siwezi," na kuyarudia yote ya zamani.

Sasa tuseme mtu yule yule ameishika njia ya pili. Sukari ameipunguza kutoka vijiko vidogo 12 mpaka 3 kwa siku. Hapo amepunguza kalori kama 150. Wali ameupunguza kutoka vikombe 3 mpaka 2. Hapo ni kalori kama 230. Mafuta katika sehemu yake ya mchuzi yamepungua kijiko kimoja. Hapo ni 120. Jumla ni kalori 500 kwa siku, na kwa siku 30 ni 15,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, basi mwezi wa kwanza atapoteza karibu kilo 2 za mafuta. Miezi inayofuata upungufu utakuwa mdogo zaidi, kwa kuwa mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko mwili mzito. Hasikii njaa kali, maana nafasi ya wali uliotoka imejazwa na matembele, mchicha au majani ya maboga: nusu ya sahani ni mboga, robo ni wali, na robo ni perege, kambale au maharage. Chungu ni kimoja, na mkewe hana kazi mpya ila kupunguza mafuta.

Lakini tusimdhulumu mwenye njia ya kwanza. Wako watu ambao kuacha ni kwepesi kwao kuliko kupunguza. Akionja wali kijiko kimoja hana budi kumaliza sahani, lakini akiuacha kabisa moyo wake hutulia. Tena samaki, nyama na mayai hushibisha kwa muda mrefu, na amri ya kutokula kitu fulani ni rahisi kuikumbuka kuliko kupima vikombe. Mtu wa namna hiyo, akiwa na uwezo wa kununua vyakula hivyo, atafaidika na njia ya kwanza, na haifai tumwambie kwamba amekosea.

Basi kipimo chenyewe ni kipi? Jibu lake lilionekana wazi katika jaribio lililofanywa Boston, Marekani, na kutangazwa mwaka wa 2005. Watu 160 waligawanywa katika makundi manne ya watu 40, na kila kundi likapewa mlo wake. Kundi moja lilipewa mlo wa wanga kidogo wa Daktari Atkins, na jingine mlo wa mafuta machache sana. Mwaka ulipokwisha, waliobaki katika jaribio walikuwa 93 tu. Katika kundi la Atkins walibaki 21, na katika lile la mafuta machache sana 20. Katika makundi mawili yaliyokuwa na masharti ya wastani walibaki 26 kila moja. Na ilipotazamwa ni nani aliyekonda zaidi, jina la mlo halikuonyesha kitu. Kilichoonyesha ni kadiri mtu alivyoufuata mlo wake: aliyeufuata sana alipungua sana, na aliyeufuata kidogo alipungua kidogo, katika makundi yote manne.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mtu na ajiulize kama mlo huo utapita katika mwaka wake mzima. Na afikiri juu ya mwezi wa Ramadhani, ambapo futari zetu ni mihogo, viazi vitamu, magimbi, tambi na kalmati, karibu zote wanga. Na afikiri juu ya walima, na juu ya msimu wa kulima, atakapokuwa shambani tangu alfajiri na chakula ni kile kilicholetwa. Na amwulize mpishi wa nyumba yake. Ikiwa mlo wahitaji chungu cha pili, fedha ya ziada na udhuru kila anapoalikwa, basi ajue kwamba hautavuka miezi mitatu, ujapokuwa mzuri namna gani.

Tena iko hatari moja ambayo hatuwezi kuipita. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia sindano za insulini, au vidonge vya kushusha sukari, asiache wanga kabla ya kuonana na daktari wake. Dawa imepimwa kwa chakula alichokizoea. Akipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu yaweza kushuka mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyika, na huweza kumwangusha akazimia. Wenye mimba na wanaonyonyesha nao wasianze mlo wa namna hii bila ya shauri la mganga wa hospitali.

Mwisho, atakayeanza asijipime kila siku, kwa kuwa maji hupanda na kushuka. Ajipime mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula. Asiye na mizani na achukue uzi, auzungushe tumboni usawa wa kitovu, apige fundo mahali unapokutana, kisha auweke. Kila baada ya majuma manne auzungushe tena. Miisho ya uzi ikipishana kupita lile fundo, mafuta yanatoka, ijapokuwa mizani imesimama. Na fundo likiwa pale pale kwa miezi miwili, asitafute mlo wenye jina jipya. Na atazame kwanza ni siku ngapi katika juma alizoufuata ule wa zamani.