Kombe la Bega Linapochomoza Katikati ya Pushapu

Mtu akipiga pushapu, wengi humtazama kifua na mikono. Mwalimu anayejua kazi yake huzunguka nyuma, akamwambia avue fulana, kisha akayakazia macho makombe ya mabega. Kombe la bega halikuungwa na mbavu kwa mfupa. Limeshikizwa kwenye kiwiliwili kupitia mtulinga tu, na kinacholilaza juu ya mbavu ni misuli.

Msuli wenye mzigo mkubwa hapo huitwa seratasi. Huanzia kwenye mbavu nane au tisa za juu, pale ubavuni chini ya kwapa, ukapenya kati ya kombe na mbavu hadi ukingo wa kombe ulio karibu na uti wa mgongo. Ukikaza, hulisogeza kombe mbele na kulikandamiza lisinyanyuke. Misuli ya trapeziasi na romboidi hulivuta kurudi nyuma, na kombe hutulia pande hizo mbili zikisaidiana.

Tuseme kijana amejipangia pushapu 20. Nane za kwanza mgongo wake ni safi: akishuka makombe yanakaribiana polepole, akipanda yanaachana. Kufikia ya tisa, ukingo wa ndani unachomoza kila anapoanza kushuka. Ya kumi na mbili ananyoosha viwiko vizuri kabisa, lakini kifua kimezama katikati ya mabega. Mikono imemaliza safari, seratasi haijamaliza. Mwili unaning'inia kwenye viungo. Kwa hesabu yangu, huyo amepiga pushapu nane.

Hapo wengine humwagiza abane makombe pamoja. Ni kumzidishia tatizo, kwa sababu kubana ni kinyume cha kazi ya seratasi. Anachohitaji ni kupunguza uzito: aweke mikono juu ya meza imara au benchi, ashuke taratibu, na akifika juu viwiko vikiwa vimenyooka aendelee kuisukuma meza mpaka mgongo wa juu ujae kidogo. Asitafute kimo hicho kwa kupandisha mabega masikioni wala kwa kukunja kiuno. Kombe likianza tena kuchomoza, seti imeisha, hata kama mikono bado ina nguvu.

Lakini si kila kombe linaloonekana ni kasoro. Kwa mtu mwembamba ukingo huonekana hata akiwa amesimama tu. Cha kuangalia ni kama unachomoza zaidi mzigo unapoingia. Pia, uchovu kwa kawaida hujitokeza pande zote mbili na mwishoni mwa seti. Kombe la upande mmoja likitoka kama bawa hata mtu anaposukuma ukuta tu, na mkono huohuo ukawa mzito kuinua juu ya kichwa, huenda neva inayoendesha seratasi imeumia. Neva hiyo hushuka ubavuni karibu na ngozi, kwa hiyo pigo au mvuto mkali huweza kuifikia. Huyo aache pushapu, akaonwe na daktari.