Mbona 50,000 Imefika 39,029?

Barua ya kazi ilisema 50,000, lakini meseji ya mshahara inasema 39,029. Kabla hujampigia mtu wa HR, fungua hati yako ya mshahara tuisome pamoja, kwa viwango vya 2025.

Ile 50,000 ni Gross Pay, yaani mshahara kabla ya makato. Kwanza hutoka makato matatu: NSSF ya uzeeni asilimia 6, ambayo ni 3,000, SHIF ya matibabu asilimia 2.75, yaani 1,375. Na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 750. Unabaki na 44,875.

Kodi ya PAYE inahesabiwa kwa hiyo 44,875, si 50,000. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na 12,542 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni kama 8,246. Halafu unapunguziwa 2,400 ambazo kila mfanyakazi mkaazi hupewa kila mwezi, kwa hivyo PAYE yako ni 5,846. Ukiitoa, unabaki na 39,029. Hiyo ndiyo Net Pay, pesa unayopeleka nyumbani.

Sasa angalia mstari wa PAYE. Ukiona 7,383, jua kodi imepigwa kwa 50,000 nzima na umekatwa zaidi kwa karibu 1,537. Hapo sasa mpigie HR, na hati iwe mkononi.