Seli zinazoamka msuli unapoumia

Aliyerudi kwenye tizi baada ya miezi ya mapumziko, akachuchumaa na chuma mabegani seti tano, kesho yake hushuka ngazi kwa shida. Maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Kinachoyaleta hasa ni ule mwendo wa kushuka, msuli wa paja unaporefuka huku umekaza. Ndipo baadhi ya nyuzi zake hupata majeraha madogo yasiyoonekana kwa macho.

Uzi wa msuli ni seli moja ndefu yenye viini vingi sana, lakini viini hivyo haviwezi tena kugawanyika. Nani basi anaukarabati? Mwaka 1961, Alexander Mauro alipochunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni huko New York, aliona seli ndogo zilizojibana kati ya utando wa uzi na ganda jembamba linaloufunika. Akaziita seli za satelaiti.

Siku za kawaida seli hizi zimelala. Uzi ukiumia huamka na kuanza kugawanyika, na siku chache baada ya zoezi zito idadi yake huwa imepanda. Wakati huohuo seli za kinga husafisha mabaki ya jeraha. Nyingi za seli za satelaiti huungana na uzi ulioumia na kuuachia viini vyao. Palipokufa uzi mzima, huungana zenyewe kwa zenyewe na kuunda mpya. Chache hurudi kulala, zikingoja jeraha lijalo.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa bila seli hizi msuli hauwezi kunenepa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliwaondolea panya zaidi ya asilimia 90 ya seli hizo, kisha wakaubebesha mzigo msuli mmoja wa shavu la mguu. Baada ya wiki mbili ulikuwa umekua karibu sawa na wa panya wasioondolewa seli hizo. Msuli usio na seli hizo ulipojeruhiwa, hata hivyo, haukuweza kujijenga upya. Jaribio lilipoendelezwa hadi wiki nane, panya wasio na seli hizo walibaki nyuma kwa ukuaji, na tishu za kovu zikazidi kati ya nyuzi zao. Mabishano hayajaisha, maana katika panya wachanga ukuaji ulikwama mapema zaidi. Mimi naona picha hii: uzi uliopo unaweza kunenepa kwa viini ulivyo navyo, ila kwa kiasi fulani tu; ukizidi kutanuka, unahitaji viini vipya vya kusimamia utengenezaji wa protini.

Kwa wazee, seli hizi hupungua hasa kwenye nyuzi za kasi, zile zinazotuinua kitini au kutudaka tunapojikwaa. Lakini wanaume wa miaka 70 hivi walipofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 12, seli hizo ziliongezeka kwenye nyuzi hizohizo, na nyuzi zenyewe zikanenepa.