Barua ya KRA kwa Mwalimu wa Tuisheni

Tumchukue mhasibu wa Nakuru anayelipwa mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi, na Jumamosi anafundisha hisabati katika kituo cha tuisheni. Kila Juni hujaza ritani kwa kutumia fomu ya P9 aliyopewa na mwajiri. Mwaka huu amepata notisi kutoka KRA: kuna mapato hayamo kwenye ritani yake.

KRA imeyajuaje? Kituo kilimlipa 30,000 kwa mwezi kwa miezi mitano. Malipo ya mafunzo yakifika 24,000 kwa mwezi, mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha kwa PIN ya mwalimu. Basi 150,000 zake zimo iTax tangu siku hiyo. Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani kwa kuwa wamekatwa, wamemalizana na serikali. Makato yale ni malipo ya awali tu, na mapato yenyewe bado yanatakiwa kutajwa.

Kwanza aingie iTax mwenyewe athibitishe notisi, asibonyeze kiungo alichotumiwa kwa simu. Hahitaji PIN mpya wala kusajili kampuni. Atafungua `Amend PIN Details` na kuongeza biashara kando ya ajira kama chanzo cha mapato. Kisha, kwenye `File Amended Return`, atarekebisha ritani ya mwaka husika: mshahara ubaki ulivyo, tuisheni iingie kama biashara, na cheti cha kodi ya zuio kidaiwe.

Tuseme alitumia 30,000 kwa vitabu na kuchapisha mitihani. Faida ni 120,000. Kwa kuwa mshahara wake unaotozwa kodi umeshapita 388,000 kwa mwaka, faida hiyo yote inatozwa asilimia 30, yaani 36,000. Ukiondoa 7,500 alizokatwa, anadaiwa 28,500. Lakini gharama zile zinahitaji risiti za eTIMS. Karatasi ya duka iliyoandikwa kwa mkono inaweza kukataliwa, na kodi ikapanda.

Ritani ya kwanza aliiwasilisha kabla ya 30 Juni, kwa hiyo faini ya kuchelewa kujaza haimhusu. Kinachomhusu ni kuchelewa kulipa, kwani salio la kodi hulipwa kufikia 30 Aprili: adhabu ya asilimia 5, ambayo ni 1,425, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, shilingi 285. Atatoa namba ya malipo, PRN, kwenye `Payments`, alipe kwa simu au benki.

Akinyamaza, KRA itamkadiria yenyewe, pengine kwa 150,000 zote bila kutoa gharama. Tathmini hiyo ikishatoka, ana siku 30 za kuweka pingamizi, tena akiwa na risiti mkononi.