Noti ya kuunganisha kampuni: nani atapoteza kazi, nani atakuwa shefu, na lini

Maniema imeshaona kampuni zikiunganishwa. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za madini za Kivu na Maniema zilitiwa katika moja, ikaitwa SOMINKI, na Namoya ya hapa Kabambare ilikuwa miongoni mwa maeneo yake. Mwishoni mwa Desemba 2020 benki ya BCDC iliunganishwa na Equity, ikazaliwa EquityBCDC. Kila mara kuna karatasi inayobandikwa ukutani, au inayosomwa mbele ya wafanyakazi, kuwaeleza yatakayowapata. Katika makala hii nataka kuonyesha jinsi karatasi hiyo inavyoweza kuficha mambo kwa sarufi tu, na jinsi ya kuiandika upya.

Mfano ninaoutumia nimeutunga kutokana na noti za servisi nilizozoea kuziona. Chukulia kampuni ya kusafirisha mizigo yenye wafanyakazi 26 huko Kasongo na Kabambare, inayomezwa na kampuni kubwa zaidi ya Kindu. Noti yake ya kwanza inasema hivi:

«Tunayo furaha kuwatangazia wafanyakazi wote kwamba shughuli zetu zitaunganishwa na zile za wenzetu wa Kindu, ili wateja wahudumiwe vizuri zaidi. Baadhi ya huduma zitapangwa upya, na nafasi chache huenda zikaguswa. Wahusika watajulishwa kwa wakati unaofaa. Kwa sasa kila mtu aendelee na kazi yake kama kawaida.»

Hakuna neno la uongo hapa. Lakini karani wa depo ya Kabambare akiisikia, hajui kama mwezi wa nane atakuwa na mshahara. Tutazame vitenzi. «Zitaunganishwa», «zitapangwa», «zikaguswa», «watajulishwa»: vyote viko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi hata mara moja. Kiswahili kinaweza kwenda mbali zaidi. Mwandishi akisema «nafasi zimefutika», mnyambuliko wa -ik- unafanya ionekane kana kwamba nafasi zimejifuta zenyewe, kama wino uliolowa mvua. Akisema «tutaondoa nafasi 3», msikilizaji anajua aliyeamua, na anajua wa kumwuliza.

Neno «tutaondoa» nalo lina hatari yake. Kiambishi tu- hakitofautishi «sisi pamoja na wewe» na «sisi wakubwa bila wewe». Noti ikisomwa na shefu wa depo, ambaye hakushiriki katika uamuzi, watu watamhesabu kuwa mmoja wa walioamua. Kwa hiyo mara ya kwanza andika jina la cheo: «Mkurugenzi wa Kindu na mkurugenzi wetu wameamua…» Baada ya hapo «tu-» inaeleweka.

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, mwandishi atake hesabu inayofunga. Kwa mfano wetu: kati ya watu 26, watu 19 wanabaki kwenye kazi ileile na mahali palepale, 4 wanaombwa kuhamia Kindu, nafasi 3 zinakusudiwa kuondolewa, yaani mhasibu msaidizi mmoja wa Kasongo na makarani wawili wa depo ya Kabambare. Kumi na tisa na nne na tatu ni 26. Hesabu isipofunga, kuna mtu aliyesahauliwa, na huyo ndiye atakayelala bila usingizi.

Nimesema «zinakusudiwa», wala si kwa woga. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba kampuni zikiunganishwa, mikataba ya kazi iliyopo siku hiyo inaendelea na mwajiri mpya. Kuunganishwa peke yake hakumwondoi mtu. Mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji, lazima kwanza awaandikie wajumbe wa wafanyakazi na kupokea maoni yao. Na katika kuchagua, aangalie ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa familia. Kwa hiyo noti inayosema «tumeamua kuwafuta watu hawa watatu» kabla wajumbe hawajasema inavunja utaratibu, na inayosema «huenda» kuhusu jambo ambalo hesabu yake imeshafanywa inaficha. Kuna vitenzi viwili tofauti: «tumeamua» kwa lililokwisha, «tunakusudia» kwa linalongoja jibu. Visichanganywe.

Tarehe nazo ni lazima zipimwe. Tuseme kuunganishwa ni tarehe 1 Julai. Mtu akidhani nafasi 3 zitaisha siku hiyo, ahesabu preavi. Kwa mkataba usio na muda, sheria inataka angalau siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi zaidi kwa kila mwaka mzima wa huduma. Karani mwenye miaka 6 ana 14 na 42, jumla siku 56 za kazi. Akipewa barua mwanzoni mwa Juni, kwa juma la siku sita, preavi yake inafika mwanzoni mwa Agosti. Noti inayotaja tarehe moja tu ya «mabadiliko» inamdanganya kwa mwezi mzima.

Sasa mpangilio. Msikilizaji anauliza kwa zamu: nina kazi? shefu wangu ni nani? lini? Sababu za uamuzi na maneno kuhusu wateja yanakuja baadaye, kwa kifupi. Hii ndiyo noti niliyoiandika upya:

«Wafanyakazi wote wa Kasongo na Kabambare. Mkurugenzi wetu na Mkurugenzi wa Kindu wameamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai kampuni ya Kindu itakuwa mwajiri wenu. Mikataba yenu inaendelea, pamoja na miaka yenu ya kazi.

Kazi. Watu 19 hawabadiliki kazi wala mahali. Watu 4 tutawaomba wahamie Kindu. Tunakusudia kuondoa nafasi 3: mhasibu msaidizi 1 wa Kasongo na makarani 2 wa Kabambare. Majina hayajachaguliwa.

Mashefu. Hadi tarehe 30 Juni hakuna kinachobadilika. Kuanzia tarehe 1 Julai, shefu wa depo ya Kabambare atatoa ripoti kwa mkuu wa usafirishaji wa Kindu, si tena kwa mkurugenzi wa Kasongo. Wengine wa depo wanabaki chini ya shefu wa depo. Maombi ya konje yatapelekwa kwa mkuu wa wafanyakazi wa Kindu.

Tarehe. Tarehe 4 Mei tumewaandikia wajumbe wenu. Tunangoja maoni yao hadi tarehe 22 Mei. Tarehe 29 Mei kila mmoja kati ya wanaohusika ataitwa peke yake na kupewa barua. Preavi itahesabiwa kuanzia hapo, kwa hiyo kwa wengine itapita tarehe 1 Julai.

Tusiyoyajua bado. Nyumba ya wanaohamia Kindu haijaamuliwa; tutajibu kabla ya tarehe 22 Mei.

Sababu. Hesabu zote zitafanywa Kindu, na mizigo ya Kabambare imepungua.»

Noti hii ni ndefu kuliko ya kwanza, na haina furaha. Shefu mmoja niliyemwonyesha aliniambia: «Ndugu, ukiwaambia nafasi tatu, watu ishirini na sita wataogopa.» Lakini noti ya kwanza nayo iliwaogopesha wote 26, na haikuwapa mipaka ya hofu hiyo. Hii inawaambia 19 kwamba wako salama, na inawapa makarani wa Kabambare majuma kadhaa ya kuzungumza na wajumbe wao wakati maneno yao bado yana kazi.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Noti nyingi kwetu huandikwa kwa Kifaransa, kisha shefu huifasiri papo hapo. Mpe mtu ambaye hakuiandika, aisome kwa sauti kwa Kiswahili, kisha umwulize karani mmoja: nafasi ngapi, shefu nani, tarehe gani? Akishindwa hata moja, sentensi ile inarudi mezani.