Kidonda Kisichouma Mdomoni

Watu wengi hupima ubaya wa kidonda cha mdomoni kwa maumivu. Kikiwaka moto kila ukimeza chai, unakimbilia duka la dawa. Kisipouma, unakisahau mpaka siku ulimi utakapokigusa tena. Kwa magonjwa mengi kipimo hicho kinafaa, lakini mdomoni kinapotosha vibaya, kwa sababu kidonda kinachomliza mtu usiku mara nyingi kitapona chenyewe, na kile cha kuogopwa kinaweza kukaa wiki nyingi bila kumsumbua mwenyewe.

Tuanze na hiki kinachouma. Kidonda cha kawaida hupenda sehemu laini zinazochezacheza: upande wa ndani wa midomo, ndani ya mashavu, chini ya ulimi. Siku moja au mbili kabla hakijatokea, mtu huhisi mahali pale panawasha. Kisha panachubuka, panakuwa na umbo la duara au la yai, katikati pana rangi nyeupe inayokaribia manjano na pembeni pana ukingo mwekundu. Mara nyingi hakifiki sentimita 1. Siku za mwanzo ndimu na pilipili hazikaribiki, kisha maumivu hupungua, na kati ya siku ya 7 na ya 14 kidonda huwa kimefunga bila kuacha kovu. Anayevipata huwa anavijua tangu ujana wake, maana hurudi mara kwa mara, leo mdomoni, mwezi mwingine shavuni. Uchovu, kujing'ata, upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini B12 huweza kuvichochea. Vikizidi kuwa vingi au kurudi kabla vya kwanza havijapona, inafaa kupima damu pamoja na VVU.

Saratani ya mdomo ina mwenendo mwingine. Zaidi ya kesi 9 kati ya 10 huanzia kwenye utando mwembamba unaofunika ndani ya mdomo, na mwanzoni hubaki hapo juu juu. Maumivu huja baadaye, ikishazama kwenye nyama na kufikia mishipa ya fahamu. Ndiyo maana wapo wanaokuja kulalamikia sikio. Sikio lenyewe likichunguzwa ni zima kabisa, kumbe maumivu yanatoka nyuma ya ulimi au kooni, sehemu ambazo mishipa yake ya fahamu ina uhusiano na ile ya sikio.

Mahali pa kuangalia kwanza ni kando ya ulimi, hasa upande wa nyuma unaogusana na magego, na sakafu ya mdomo chini ya ulimi. Kwa wanaotafuna tambuu au kuweka ugoro au kuberi, sehemu yenye hatari zaidi ni ile ile wanayoipenda kila siku: kati ya shavu na ufizi, au nyuma ya mdomo wa chini. Kidonda cha saratani huwa kimoja. Hakihami. Ukingo wake umeinuka, au umejikunja kuelekea nje, na huweza kutoa damu kikiguswa kidogo tu. Lakini jambo linalomshtua daktari wa meno zaidi ya yote hulipata kwa kidole. Kidonda cha kawaida ukikibonyeza pembeni ni laini sawa na nyama inayokizunguka, ila cha saratani kina ugumu chini yake, mfano wa kifungo kilichoshonewa ndani ya kitambaa. Ugumu huo hauonekani kwenye kioo, na picha ya simu haiwezi kuuonyesha. Ni lazima mtu aguse.

Tuchukue mfano wa kutungwa, ambao hatua zake ndizo zinazofuatwa kliniki. Mvuvi wa Tanga mwenye miaka 58 anatumia ugoro tangu ujana. Ana gego la chini lililovunjika, lenye ncha kali, na kando ya ulimi, mkabala na ncha hiyo, pana kidonda. Kwake maelezo yamekamilika: jino linamkwaruza. Duka la dawa wamempa jivii ya kupaka, kisha antibaiotiki, kisha jivii tena. Sasa amefika kwa daktari wa meno, binti wa umri wa watoto wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ning'olee jino hili, linanikata ulimi."

"Kidonda kina muda gani, baba?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Ramadhani imekwisha zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Daktari angeweza kung'oa jino na kumruhusu aende, na hapo ndipo kesi nyingi hupotea, kwa kuwa jino la kulaumiwa lipo kweli. Kinachotakiwa ni kulipa jino nafasi moja tu ya kujitetea. Daktari anaisaga ncha mpaka iwe laini, anapima kidonda kwa rula ndogo na kupata milimita 14, anaandika kwenye faili tarehe, ukubwa na mahali kilipo, anapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, kisha anampa miadi ya baada ya wiki 2. Kidonda kilichosababishwa na jino, au na meno bandia yanayobana, kikiondolewa kisababishi huwa kimepona au kimepungua sana katika muda huo. Kama siku ya kwanza daktari angehisi ugumu ule, au angekuta tezi ngumu shingoni, asingesubiri hata hizo wiki 2. Angechukua kinyama palepale, au kumwandikia rufaa.

Mvuvi anarudi. Kidonda bado ni milimita 14. Kuanzia hapa hakuna dawa nyingine ya kupaka inayopaswa kuandikwa. Nasisitiza hili kwa sababu jivii huacha rangi ya zambarau inayoficha rangi halisi ya utando, na kila dozi mpya ya antibaiotiki humpa mgonjwa wiki nyingine ya matumaini wakati kidonda kinaendelea kuchimba.

Kipimo kinachofuata huitwa baiopsi. Mgonjwa anachomwa ganzi, na daktari anakata kipande kidogo kwenye ukingo wa kidonda, pamoja na sehemu ndogo ya nyama inayoonekana nzima. Hachukui katikati, kwa sababu katikati mara nyingi pana nyama iliyokufa isiyoeleza kitu. Anashona nyuzi moja au mbili, kinyama kinawekwa kwenye fomalini na kupelekwa maabara. Kazi yote ni ya dakika chache. Hofu inayosikika mitaani ni kwamba kisu kinaiamsha saratani na kuisambaza. Kukata kipande hiki kidogo hakusambazi ugonjwa, na bila hicho hakuna daktari wa upasuaji wala wa mionzi anayeweza kupanga tiba. Kuna jambo jingine ambalo mgonjwa anapaswa kulijua: majibu yakisema hakuna saratani lakini kidonda kikakataa kupona, kinyama huchukuliwa tena, kwani kipande cha kwanza huenda kilikosa mahali penyewe.

Majibu ya mvuvi wetu yanaonyesha saratani ya utando wa mdomo. Kina chake kinakadiriwa kuwa milimita 4, na vipimo vya shingo havionyeshi tezi zilizoshambuliwa. Uvimbe usiozidi sentimita 2 kwa upana na milimita 5 kwa kina, ambao haujafika kwenye tezi wala kwingineko, huhesabiwa kuwa hatua ya kwanza. Huondolewa kwa upasuaji pamoja na takriban sentimita 1 ya nyama nzima pande zote, na mara nyingi daktari hushauri kuondoa pia baadhi ya tezi za shingoni, maana chembe chache huweza kujificha humo bila kuonekana kwenye picha. Mgonjwa ataongea, ingawa huenda baadhi ya herufi zikahitaji mazoezi, na atakula. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ya mdomo ikikamatwa kabla haijatoka pale ilipoanzia, zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika kwenye tezi, uwezekano huo hushuka sana, na tiba huwa nzito: upasuaji mkubwa, mionzi, pengine dawa za kemikali, pamoja na kinywa kinachobaki kikavu baada ya mionzi.

Si kila saratani huanza na kidonda. Doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa lichunguzwe, tofauti na utando wa fangasi ambao mara nyingi hufutika na kuacha wekundu. Doa jekundu, laini, lisilo na sababu ni la hatari zaidi kuliko jeupe, ingawa watu hulipuuza. Doa la zambarau kwenye kaakaa, hasa kwa mtu mwenye VVU, laweza kuwa saratani ya Kaposi. Jino linalolegea peke yake wakati mengine yako imara, pengo lisilofunga wiki kadhaa baada ya kung'oa, ganzi kwenye mdomo wa chini au kidevu, na uvimbe shingoni usioisha, vyote vinastahili daktari bila kungoja vikae zaidi.

Wanaotafuna tambuu wana dalili yao ya mapema. Popoo, hata pasipo tumbaku ndani ya jani, hukaza nyuzi za ndani ya mashavu taratibu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka popoo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004. Mtu huanza kuona pilipili inachoma kuliko zamani, kisha mdomo unakuwa mzito kufunguka. Jaribu kuingiza vidole vitatu vilivyosimama juu ya kila kimoja kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wazima wengi huviingiza bila shida. Vikigoma, acha popoo na umwone daktari hata kama hakuna kidonda chochote, kwa kuwa utando uliokazwa hivyo una hatari kubwa zaidi ya kugeuka saratani na haurudi kuwa kama awali.

Asiyetafuna wala kuvuta naye asijione salama kabisa. Tumbaku na pombe vikikutana huzidisha hatari kuliko kila kimoja peke yake, lakini saratani ya ulimi huwapata pia vijana ambao hawajawahi kugusa chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo muda hupimwa sawa kwa wote: kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona kionwe na daktari wa meno au wa kinywa, na kisifike wiki 3 bila kuonwa. Hii ni pamoja na vile vidonda vya kawaida vya aina kubwa, vinavyopita sentimita 1 na kuweza kukaa mwezi mzima. Vingi si saratani, lakini kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa uhakika.

Ukienda, taja tarehe kilipoanza, hata kwa kukisia kwa sikukuu au msimu wa mavuno, na ubebe maboksi ya dawa ulizokwisha tumia. Mwombe daktari akiguse kidonda kwa kidole na apapase shingo. Kama zahanati yenu haina wa kuchukua kinyama, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya rufaa yenye daktari wa upasuaji wa kinywa. Majibu yakithibitisha saratani, mgonjwa wa Tanzania hupelekwa kwenye vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Ukipewa chupa nyingine ya jivii badala ya barua, irudishe kwa heshima na uombe barua.