Sikio Linalovuja kwa Ndani

Mpagazi wa sokoni anachuchumaa, anaweka bega chini ya gunia la viazi lililofungwa lumbesa, anabana pumzi na kuinuka. Kabla hajasimama sawasawa, sikio la kushoto linatoa mlio mfupi, kama kitu kilichokatika. Papo hapo dunia inaanza kuzunguka. Gunia linadondoka, naye anakaa chini na kutapika. Baada ya saa moja anaweza kusimama kwa kushikilia ukuta, lakini sikio lile limeziba na linavuma, na maneno ya wenzake anayasikia kwa mbali.

Wenzake watasema ni presha, au malaria imempanda kichwani. Mwingine atashauri mafuta ya vuguvugu sikioni. Huyu mpagazi ni mfano tu, lakini mambo yaliyompata ndiyo madaktari wa masikio, pua na koo huyasikia kutoka kwa mtu mwenye fistula ya perilimfu, yaani tundu au ufa unaovujisha maji ya sikio la ndani. Wengine hupatwa wakijikamua chooni kwa choo kigumu, wakisukuma mtoto wakati wa kujifungua, wakizamia majini, au wakipiga chafya huku wamebana pua.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, nacho ndicho sikio la kati. Ukuta wake wa ndani unakitenganisha na sikio la ndani, ambako kuna koklea inayosikia na mifereji inayolinda mizani ya mwili. Viungo hivyo vimezungukwa na perilimfu, maji safi ambayo yote kwa pamoja hayazidi matone machache. Katika ukuta huo kuna madirisha mawili. La duaradufu limezibwa na kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, na la duara limezibwa na utando mwembamba sana.

Mwaka 1971 daktari wa Kimarekani Victor Goodhill alieleza njia mbili za kupasuka kwa madirisha hayo. Ya kwanza inatoka ndani. Unapobana pumzi na kukaza tumbo, shinikizo hupanda hadi kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Maji hayo yameunganishwa na perilimfu kwa kijifereji chembamba cha mfupa ambacho upana wake hutofautiana mtu na mtu, kwa hiyo shinikizo linaweza kupita humo na kuusukuma utando kuelekea sikio la kati. Njia ya pili inatoka nje. Ukibana pua na kupuliza kwa nguvu, au ukiizuia chafya isitoke, hewa hupanda kupitia mrija unaounganisha koo na sikio la kati, ikausukuma utando kuelekea ndani. Mzamiaji anayelazimisha masikio yafunguke akiwa chini ya maji anaweza kujidhuru kwa njia hii ya pili.

Kliniki, mpagazi wetu anapimwa malaria, hana. Presha iko sawa. Daktari anachungulia sikio na kukuta ngoma nzima, hakuna nta wala usaha. Hapa ndipo wagonjwa wengi hurudishwa nyumbani na dawa ya kizunguzungu, na hapa ndipo naomba msomaji atulie kidogo, maana kuna kipimo kinachofanywa kwa chuma chenye umbo la uma. Daktari anakigonga kikatetemeka, halafu anasimamisha mpini wake katikati ya paji la uso. Kama sikio limezibwa na nta au kuna majimaji nyuma ya ngoma, mlio unasikika zaidi upande wa sikio bovu. Kama hitilafu iko sikio la ndani, mlio unahamia upande mzima. Mpagazi anasema anausikia kulia. Basi tatizo la kushoto liko ndani, na mafuta ya vuguvugu hayalifikii.

Hata asiye na chuma hicho anaweza kupata fununu. Mgonjwa afumbe mdomo, avume polepole kwa sauti nzito, kisha aseme anausikia mvumo upande gani. Jibu hufuata kanuni ileile. Si kipimo cha kuthibitisha ugonjwa, ila ukivuma na sauti ikakimbilia sikio zima, hiyo ni sababu ya kutafuta daktari wa masikio siku hiyohiyo, maana kupotea ghafla kwa usikivu wa ndani hutibiwa kwa dawa za steroidi, na dawa hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Kuna kizunguzungu kingine kinachojulikana zaidi, kile cha kugeuka kitandani. Hicho hudumu chini ya dakika moja kila kinapokuja, na usikivu haubadiliki. Cha fistula huja kwa kukaza, kukohoa au kuinua, na usikivu huenda ukapungua leo, ukarudi kidogo kesho, ukashuka tena.

Ugumu wenyewe ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachoonyesha uvujaji bila shaka. Sitiskani ikionyesha kipovu cha hewa ndani ya sikio la ndani, hiyo ni dalili nzito, lakini mara nyingi haionyeshi kitu. Watafiti wa Japani walibuni kipimo cha protini iitwayo CTP, inayopatikana kwenye perilimfu, ila hospitali nyingi duniani hazina. Hata mpasuaji akifungua sikio anaweza asione maji yakitoka, na akiyaona huenda ni dawa ya ganzi aliyoichoma mwenyewe. Kwa sababu hiyo wapo madaktari wanaoamini fistula inayotokea bila jeraha la kichwa au upasuaji wa sikio hutajwa kupita kiasi. Mgonjwa anayepata kizunguzungu kwa kelele kubwa, na kusikia nyayo zake zikigonga kichwani, huenda ana tatizo jingine lililoelezwa Marekani mwaka 1998, la mfupa unaofunika mfereji mmoja wa mizani kuwa na upenyo. Hilo huonekana kwa sitiskani.

Ndiyo maana simulizi ya mgonjwa ina uzito kuliko mashine. Asiseme tu "nina kizunguzungu". Aseme alikuwa anafanya nini sekunde ile, alisikia mlio gani, sikio lipi, na kama kukohoa kunaanzisha upya.

Matibabu huanza kwa mapumziko. Mpagazi analala kitandani siku saba hadi kumi, kichwa kikiwa juu kwa nyuzi 30 hivi, mito miwili au mitatu. Hainui kitu, hapengi kamasi kwa nguvu, na chafya ikija aitoe mdomo ukiwa wazi. Anapewa dawa ya kulainisha choo, maana siku moja ya kujikamua inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Usikivu unapimwa tena na tena. Ukipanda, anaendelea kupumzika. Ukizidi kushuka, au kizunguzungu kikikataa kwisha, mpasuaji huinua ngoma ya sikio chini ya hadubini na kuyaziba madirisha yote mawili kwa vipande vya mafuta ya ndewe au utando wa msuli wa panja. Huziba hata kama hajaona uvujaji, kwa kuwa kuziba pasipovuja hakuleti madhara makubwa.

Baada ya hapo kizunguzungu ndicho hupona kwa wengi. Usikivu si wa kuahidiwa, hasa matibabu yakichelewa. Magunia hayaguswi kwa wiki kadhaa, kuzamia kunahitaji ruhusa ya daktari, na kwa mpagazi anayelipwa kwa gunia, hizo ni wiki ambazo nyumbani lazima mtu mwingine alete unga.